Duka Lililobaki Mwaka Juzi

Nimelala katika miji mingi, na kila mji una mtu mmoja anayeitwa Injinia bila kujulikana alijenga nini. Wa Bariadi ana steshenari karibu na stendi. Anatoa kopi, anachapa barua na anapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu ambalo halijaonja sabuni. Kompyuta yake ni moja. Kiti cha wateja nacho ni kimoja, na mara nyingi amekikalia yeye.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa ile homa yangu ya kawaida. Nikikaa mbali naota harufu ya pamba mpya, nikifika naanza kuulizia basi la kuondoka. Dada yangu, ambaye ananijua, aliniwahi kabla sijafunga begi. Aliniomba nimpeleke binti yake mjini kutuma maombi ya chuo cha uuguzi. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo. Likifungwa, binti angekaa nyumbani mwaka mzima, na pale nyumbani tayari kulikuwa na jirani mwenye ng'ombe aliyeanza kupita pita na kusalimia kuliko kawaida. Dada hakulitaja hilo. Alisema tu, "Nenda naye, mwanangu asije akapotezewa muda."

Mji mzima haukuwa na umeme. Mwenye jenereta ni Injinia, kwa hiyo tulienda kwa Injinia. Tulikuta akina mama watatu wa Nkololo kwenye benchi la mlangoni, wanasubiri picha za vitambulisho vya kikundi chao. Nikawasalimia, "Mwadila," wakaitikia, wakatusogezea nafasi.

Injinia alichukua vyeti vya binti, akaviskani vizuri, hilo simnyimi. Kisha akafungua tovuti ya chuo. Ukaja ukurasa mweupe wenye alama nyekundu na maneno ya Kiingereza. Akaifunga. Akafungua tena, ukaja ule ule.

"Chuo chenu kina virusi," akasema.

Nikamwambia ajaribu tovuti nyingine. Akajaribu ya gazeti, ya benki, hata ile ya kutafutia mambo ambayo dunia nzima inaitumia. Kote alama nyekundu. Kumbe dunia nzima ilikuwa na virusi, isipokuwa duka lake. Akahamia kwenye lawama nyingine: mtandao mbovu, mvua ya jana, serikali. Alizima kompyuta akaiwasha. Akatoa kivinjari akakiweka upya, na wakati kinajiweka alitusimulia jinsi alivyowahi kuitwa Maswa kutengeneza kompyuta iliyowashinda watu wa Mwanza. Kivinjari kipya kikaleta alama nyekundu mpya.

Intaneti yenyewe ilikuwa inatoka kwenye simu yake, iliyokuwa mezani. Nikamwomba aifungue tovuti ya chuo kwenye simu hiyo hiyo. Ikafunguka mara moja, pamoja na picha ya wanafunzi waliovaa sare, wanacheka. Mtandao ni ule ule, tovuti ni ile ile. Mtoto anayechunga ndama angeelewa kwamba ubovu uko kwenye kompyuta. Injinia alielewa kwamba simu yake ni nzuri sana.

Nilimwomba basi tujaze fomu kwenye simu. Akaiweka mfukoni. Ndani yake kuna pesa zake, alisema, na haijazoea vidole vya watu.

Kisha akaonyesha utaalamu wake wa mwisho. Kuna tovuti, alieleza, ambazo zikikuletea onyo hilo unabonyeza sehemu ndogo chini, unakubali hatari, unapita. Ndivyo alivyokuwa akiwapitisha wateja wiki nzima, nywila zao na kila kitu, bila kujua upande wa pili kuna nani. Ila tovuti ya chuo haikutoa njia hiyo. Ilikataa kabisa, na nikaiheshimu kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Binti alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, amebana mkoba wake. Akaniinamia sikioni. "Mjomba, imeandikwa saa ya kompyuta iko nyuma."

Ilikuwa imeandikwa kweli, kwa herufi kubwa, tangu tulipoingia. Mimi nilisoma sekondari kwa Kiingereza, Injinia naye kwenye ukuta ametundika cheti cha Kiingereza chenye fremu, na sote wawili tulikuwa tukiiangalia ile alama nyekundu kama kuku anavyoangalia radi.

Injinia akanyoosha mkono, akaonyesha saa yake, kisha kona ya kompyuta. Saa nane na nusu hapa, saa nane na nusu pale. "Saa iko sawa, binti. Hayo ni maneno ya Wazungu tu."

Kona ile ilionyesha saa peke yake, bila tarehe. Nikaibonyeza. Kalenda ikafunguka. Siku ilikuwa ya leo na mwezi wa leo. Mwaka ulikuwa mwaka juzi.

"Hiyo naweka mwenyewe," Injinia akasema haraka.

"Unaweka mwenyewe?"

Akaeleza kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya biashara. Programu yake ya kupangia picha za pasipoti ilikuwa ya majaribio, na muda wake uliisha wiki iliyopita. Badala ya kuinunua alizima ile kazi ya kompyuta kujirekebisha saa, akairudisha nyuma. Programu ikadhani bado ni kijana, ikaendelea na kazi. Angeweza kurudisha wiki chache tu, na pengine tovuti nyingi zingeendelea kufunguka. Yeye alirudisha miaka miwili, ili apumue.

Kila tovuti huonyesha cheti chake kabla ya kukupokea, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta hukilinganisha na kalenda yake yenyewe, haina nyingine. Hii ya Injinia ilikuwa inaishi mwaka juzi, na vyeti vyote vya leo vilikuwa havijazaliwa. Ikavikatalia vyote mlangoni, na ilikuwa na haki.

Nikamwambia aweke mwaka sahihi. Akakataa. Programu ikiuona mwaka wa kweli itakufa, na hawa akina mama je? Akawaonyesha kwa kidevu, akitegemea watamtetea.

Mama mmoja, mkubwa kuliko wenzake, akamuuliza binti anaombea nini. Binti akasema uuguzi. Mama akamgeukia Injinia.

"Fanya ya mtoto kwanza. Nyuso zetu zitakuwepo hata kesho, baba. Hazipendezi zaidi wala kupungua."

Wenzake wakacheka. Injinia hakucheka, lakini aliweka mwaka. Tovuti ya chuo ikafunguka bila alama yoyote, na binti akakalia kile kiti kimoja. Hakumruhusu mtu amwandikie. Alijaza mwenyewe, akapakia vyeti, akasoma kila mstari hadi mwisho, kitu ambacho duka lile halikuwahi kukiona. Ukurasa ukaandika kwamba maombi yamepokelewa. Akaomba uchapwe, akaupulizia wino ukauke.

Injinia alirudisha kalenda nyuma kabla hatujatoka. Akafungua programu ya picha. Ikamwambia kwamba saa imechezewa na kwamba haitafanya kazi tena mpaka inunuliwe. Hiyo aliisoma yote. Akanigeukia, na nilidhani anataka kunilaumu.

"Kaka, wewe umetembea," akasema. "Hakuna nyingine ya bure?"

Akina mama wakainuka, wakajifunga kanga zao, wakamuuliza binti hicho chuo kikimchukua ataondoka lini.