Nyekundu Juu ya Bluu

Katika ukoo nilioolewa, mkamwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Salamu unaitoa kwa mbali, umepiga goti, macho chini. Ukiwa na neno la maana unalipitisha kwa mama mkwe. Siku hizi wengi huku Karagwe na Kyerwa wamelegeza, utamkuta mkamwana anacheka na baba mkwe wake sebuleni kama marafiki. Kwetu hakujalegea kitu. Ningeishi na mila hiyo vizuri tu, kama baba mkwe wangu asingekuwa fundi mkuu wa kinu cha kukoboa kahawa, na mimi msaidizi wake.

Chumba cha mota kilikuwa na mlango mmoja na dirisha la wavu. Humo tulishinda wawili, msimu mzima, kwa kukohoa. Akikohoa mara moja, najua anataka spana. Mara mbili, nizime. Jambo refu zaidi ya hapo nililibeba hadi nyumbani, nikamwambia mama mkwe jikoni, naye akampa mzee pamoja na ndizi zake. Jibu nililipata kesho yake asubuhi, tayari limepoa.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu, na kichwa kimejaa. Mzee hakuwa na cheti. Alikuwa na masikio. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha beringi, mpini sikioni, akakuambia mota imelalaje. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: kulisha. Kila Jumamosi alilipachika bomba la grisi kwenye nipo, ile chuchu ndogo ya chuma juu ya beringi, akasukuma mpaka grisi itokeze pembeni mwa shafti. Na siku ya kufungua msimu, wakulima wakiwa wamekusanyika na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ipo, alisukuma mara sitini mbele ya watu wote, nao wakapiga makofi. Mgeni hapewi nusu sahani, walisema. Mota ilikuwa mgeni wetu mkubwa.

Mimi nilikuwa naumia. Beringi si tumbo la mgeni. Ndani kunahitaji nafasi. Ukiijaza pomoni, gololi zinaivuruga grisi badala ya kupita, inachemka, mafuta yake yanajitenga, na inayobaki inasukumwa ndani ya mota hadi kwenye nyaya. Siku moja mzee alipotoka kidogo, nilichukua kitambaa nikafuta kibao cha maelezo cha mota, kilichokuwa kimefunikwa na grisi kavu na pumba za kahawa. Nilifuta mstari mmoja tu, ule niliokuwa nautafuta. Upande wa mkanda: gramu ishirini na tatu, kila baada ya saa elfu nne za kazi. Saa elfu nne! Kinu chetu hakifikishi saa hizo hata kwa misimu mitatu.

Nikachukua bomba, nikasukuma mara kumi juu ya karatasi, nikaipima kwenye mizani ndogo ya sampuli za kahawa. Gramu kumi na mbili. Kwa hiyo kipimo halali ni misukumo kumi na tisa. Mzee alikuwa anatoa sitini, na kila wiki anaongezea. Nilifurahi mno, na leo furaha ile inanitia aibu.

Nikapeleka ujumbe jikoni. Mama mkwe, anayependa utani, aliupeleka kwa namna yake: "Mkamwana anasema unainenepesha mota." Jibu la kesho yake lilikuwa: "Mwambie mota haiko kwenye mlo wa kupunguza kitambi." Mama alicheka hadi akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa meneja, nikamweleza yote, na gramu zangu na mizani yangu, nikasema waziwazi kwamba kuzidisha grisi ndiko kutakakokuja kuua mota hii. Meneja akawaambia kamati. Kamati wakawaambia wake zao. Baada ya wiki moja kila mtu kuanzia kinuni hadi Kaisho alijua kwamba mzee anaua mota kwa shibe.

Hakunisema. Alinikabidhi bomba, basi. Aliliweka juu ya kizingiti cha dirisha upande wangu, akaondoka kwenda kunyoosha mkanda. Nilifungua kizibo cha chini ya beringi, kile cha kutolea grisi iliyozidi, nikaiacha mota izunguke, na shibe ya miaka ikajisokota nje, ya bluu, nzito, kama haitakwisha. Tangu siku hiyo hadi msimu ule ulipoisha haikutiwa grisi, ikawa baridi kuliko nilivyowahi kuishika. Mimi ndiye niliyeshinda.

Msimu uliofuata, siku za kufungua zilimkuta mzee Bukoba, amekwenda kutibiwa macho. Wakulima walitaka mota ilishwe, maana kufungua bila kulisha ni kualika nuksi. Kwa hesabu yangu haikuwa na haja. Nikasema sawa, nitalisha, lakini kumi na tisa na si zaidi, waone adabu mpya. Nilipofungua kopo la mzee, grisi ya bluu ilikuwa imebaki ya kupaka kwenye kucha.

Nilipanda bodaboda hadi Kaisho, kwa mwenye duka la vipuri, Mwislamu mpole ambaye babu yake alitoka pwani. Akaniuliza ya kazi gani. Nikamwambia ya beringi.

"Ya bluu sina, bibie. Ninayo hii nyekundu, ya beringi za malori. Moto hauiwezi."

"Grisi ni grisi," nikasema.

"Mimi muuzaji tu," akasema. "Fundi ni wewe."

Kesho yake, mbele ya watu, nilifungua kizibo cha chini, nikasukuma kumi na tisa nikihesabu kwa sauti, nikaiacha mota izunguke kwanza, nikafunga kizibo. Kila hatua kama kitabu kinavyotaka. Wazee waliguna kwamba mkono wangu ni mfupi. Nikatabasamu.

Mzee alirudi wiki ya tatu, jicho moja limefungwa. Akaweka bisibisi sikioni, akasimama hapo muda mrefu. Jioni mama mkwe akaniuliza: "Mzee anauliza, umeipa nini?" Nikajibu: "Kumi na tisa." Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, idadi. Nadhani hata yeye alipopewa jibu hilo alijua kwamba sikuwa nimesikia swali.

Baada ya hapo nikaanza kuona ute mwembamba ukitiririka chini ya kifuniko, wa rangi ya zambarau chafu, laini kama uji wa mgonjwa. Nikafuta. Kesho yake upo tena. Nikajiambia ni masalia ya shibe ya mzee, yanatoka taratibu. Nilijiridhisha kiasi hicho! Mtu akishakuwa na mkosaji wake, kila doa analoliona ni la huyo.

Mota ililia adhuhuri, kahawa ikiwa imepangwa hadi barabarani na mawingu yakiwa yamekaa juu ya vilima. Sauti ya chuma kikisaga chuma. Mzee alikohoa mara mbili, lakini nilikuwa nimeshazima. Kifuniko kilikuwa hakishikiki kwa moto. Tulipokivuta, beringi ilikuwa kavu, imebadilika rangi kuwa ya samawati ya kuungua, kizimba cha gololi kimevunjika, shafti imeliwa. Hiyo haikuwa kazi ya spana zetu. Ilikuwa ya kupelekwa Mwanza.

Na kwenye kona ya kifuniko, mahali joto lilipokuwa halijafika, palikuwa na bonge dogo. Nusu bluu, nusu nyekundu, na katikati zilipokutana, mafuta mepesi kama maji.

Hapo nikaelewa. Tulifundishwa hilo chuoni, siku moja, kwa dakika chache: grisi ni mafuta yaliyobebwa na kitu kama sifongo, na sifongo hazifanani. Nyingine haziwezi kukaa pamoja. Ukizichanganya, kila moja inaivunja nyingine, mafuta yanaachiwa, yanatiririka, na beringi inabaki na njaa ingawa uliilisha kwa kipimo. Nikachukua kitambaa nikafuta mstari uliofuata wa kibao, ule ambao sikuwa na haja nao mwaka uliopita. Ulikuwa umetaja aina ya grisi, na chini yake maneno matatu: usichanganye na nyingine.

Mzee alikuwa nyuma yangu. Alichovya kidole kwenye lile bonge, akalisugua kwa gumba, akalitazama kwa jicho lake moja. Kisha akatoa kitambaa chake, akafuta kifuniko kikawa safi kabisa, akakikunja kile kitambaa na kukitia mfukoni mwa koti lake la kazi.

Kamati ilikaa alasiri ileile kwenye ghala, mvua ikipiga bati na wakulima wakifunika magunia yao nje. Mwenyekiti hakuzunguka. Alisema jambo hili lilitabiriwa, tena na fundi msomi kutoka nyumba ya mzee mwenyewe: kuzidisha grisi kutaua mota, na shibe ya miaka haiishi kwa msimu mmoja. Akamgeukia mzee. "Ni kweli ulikuwa unazidisha?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini baba mkwe alikuwa amesimama kusema, na akisimama baba mkwe, mkamwana anashuka. Magoti yalijikunja yenyewe, nakuapia, kabla sijayauliza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu. Mimi nilikuwa nimemwingiza mwingine.

"Nilizidisha," akasema mzee. "Miaka yote. Mkono wangu haujui kuacha."

Hakudanganya hata neno moja. Ndiyo maana sikupata mahali pa kushika. Kumkatalia mbele ya kamati ni kumwita mwongo, na ningemvua nguo mbele ya watu ambao alikuwa anajivua kwa ajili yangu. Walimshukuru kwa utumishi wake, wakamwambia akapumzike na macho yake. Fundi mkuu wakanipa mimi. Nilisema asante. Sauti ilitoka.

Nikamwendea mama mkwe jikoni usiku huo nimwambie amwambie. Alinyanyua mkono kabla sijafungua kinywa. "Mwana wange, mzee amesema leo hapokei ujumbe." Kesho pia hakupokea. Jumapili pia. Nilimwandikia meneja barua, nikaichana, kwa sababu ingemrudisha mzee kwenye kikao kujieleza kwa nini aliificha ile grisi nyekundu. Kila mlango niliousukuma alikuwa ameshaufunga kwa nje, kwa upole.

Mota ilirudi. Kwenye dirisha sasa lipo kopo moja tu, la bluu, na nimeandika kwa rangi nyeupe ukutani aina yake, gramu zake na saa zake. Kibao nakifuta chote, kila Jumatatu. Kazi inakwenda. Wakulima wananisifu kwamba tangu yule mzee wa shibe aondoke, mota haijaugua, nami nasimama hapo nikisikiliza.

Wiki iliyopita mama mkwe alinipa koti lile la kazi nilifue, maana mzee anataka kulivalia shambani. Mfukoni nilikuta kitambaa, kimekunjwa vilevile, bluu na nyekundu zimekauka. Nililifua koti, nikalianika. Lilipokauka nilikirudisha kitambaa mfukoni, maana sikujua kwingine pa kukiweka. Jioni mzee akapita uani amelivaa, nikapiga goti, nikatoa shikamoo yangu ya mbali. Akaitikia marahaba, mkono uko mfukoni, na hakuutoa.