Kiambatisho cha Nne

Marcella alikuwa fundi wa kufupisha. Ripoti ya kurasa mia mbili aliibana ikawa mbili, madiwani wakaisoma wakinywa chai. Ile ya visima vya Mbeere ilisema maji ya visima vyote vitatu ni safi. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kuumiza macho, tanbihi ikaongeza: isipokuwa floridi ya kisima cha tatu, tazama jedwali, kiambatisho cha nne. Jedwali lilionyesha mara tatu ya kiwango salama kwa meno ya watoto.

Aliandika sentensi moja kuhusu hilo. Mkubwa wake, Mithika, akaikata.

“Marcella, tanbihi na viambatisho haviingii kwa muhtasari. Anayetaka atafungua ripoti.”

Kanuni ya muhtasari haisemi hivyo, na Marcella alijua. Jedwali hubaki nyuma, lakini jambo la kugeuza uamuzi hupandishwa mbele. Alijua, lakini akapiga chapa bila sentensi ile. Ripoti haikufunguliwa na mtu. Kisima cha tatu kikapitishwa.

Miaka tisa baadaye alimtembelea dada yake aliyeolewa huko Mbeere, karibu na kisima hicho. Binti wa dada alicheka akiziba mdomo kwa kiganja, kuficha meno yenye madoa ya kahawia.

“Anti, haya yatatoka nikipiga mswaki sana?”

Marcella alilijua jibu, hata nambari ya ukurasa.