Filimbi Iliyohamia Msumarini

Filimbi niliinunua mwenyewe sokoni mjini Kamembe, wiki ileile niliyopewa ukubwa. Ilikuwa nyeusi, ya plastiki, ya refa, na kamba yake ya kuvaa shingoni. Niliivaa nikiwa bado njiani.

Nilikuwa nimekabidhiwa wanawake wa vichanja katika kituo kidogo cha kuoshea kahawa upande wa Giheke. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, huanikwa na ganda lake jembamba juu ya meza ndefu za nyavu, ndivyo vichanja vyenyewe, na hukaa hapo wiki mbili au zaidi ikigeuzwa kwa mikono. Mvua ikija, inafunikwa kwa shitingi za plastiki. Mvua ikikatika, inafunuliwa haraka, kwa sababu jua likiikuta chini ya plastiki, kahawa inatoka jasho, inaanza kunuka, na harufu hiyo haiondoki hata uiombee. Kazi ya vichanja karibu yote ni hiyo ya kufunika na kufunua, na mawingu ya Ziwa Kivu hayamuulizi mtu ratiba yake.

Kiongozi wa vichanja alikuwa Maman mmoja wa umri wa mama yangu, aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kama mimi, na kurudi huku akiwa na watoto wake. Alikuwa na sauti ya kuvuka bonde. Mbele za watu aliniita Shefu, na tukiwa wawili aliniita mwana wangu. La kwanza lilinipendeza, la pili lilinichoma, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilitaka nionekane mkubwa hata nikiwa na mtu mmoja tu.

Nilipofika niliwakuta wanawake wakifunika kila mmoja kwa wakati wake, huku wakiimba na kubishana kama mvua itafika au itaishia kisiwani Nkombo. Niliona fujo. Mimi nina hasira za karibu, na fujo huniwasha. Basi nikatoa amri: hakuna shitingi inayoguswa mpaka filimbi ilie. Mlio mmoja, funika. Milio miwili, funua. Nikauliza kama kuna tatizo. Wote wakajibu pamoja kwamba hakuna.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha. Nikipuliza, shitingi zinapanda. Nikipita, nyimbo zinakatika na mikono inaongeza mwendo. Ukimya ule niliuita heshima, na jioni nilimsimulia mke wangu jinsi timu yangu ilivyonyooka.

Halafu mwenye kituo akaniita Kamembe kwa kikao cha asubuhi. Mvua ilishuka nikiwa huko, nikaitazama dirishani bila wasiwasi. Mvua kubwa namna ile hata mimi nilijua hawatangoja filimbi ili wafunike. Ikakatika, jua likatoka kali, kikao kikaendelea. Niliporudi kituoni mchana, niliwakuta wanawake wameketi kivulini, na vichanja vyote viko chini ya plastiki. Nilipoinua ncha ya shitingi ya kwanza, mvuke ulinipiga usoni. Matone yalikuwa yametanda kwa ndani, na kahawa ilikuwa ya moto.

Nilipaza sauti. Nilisema maneno ambayo hayasemwi kwa watu wazima. Maman alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaningoja nimalize.

“Shefu, jua tuliliona,” alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. “Lakini wewe njo ulisema batu bangoye filimbi. Na filimbi ulienda nayo Kamembe.”

Nikaigusa kifuani. Ilikuwa bado imening'inia hapo. Nyuma ya Maman mwanamke mmoja aliinamisha kichwa ili nisimwone akicheka, nikamwona.

Jioni mwenye kituo alifika, akanusa, na hakupoteza muda. Alisema kiongozi wa vichanja aondoke, kwamba mama wa umri huo anajua jua ni nini, na kwamba kukaa kivulini huku kahawa inaharibika ni ujeuri. Maman alikuwa hatua chache kutoka hapo, akichambua iliyoharibika, na alisikia kila neno. Nilimwambia mwenye kituo kwamba amri ilikuwa yangu na walioitii hawakukosea. “Basi abaki mpaka mwisho wa msimu,” akasema. “Vichanja vingine vikiharibika, ataondoka, na wewe utakuja kunieleza kwa nini ulimtetea.”

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nimemtia mama wa watu katika hatari kwa kitu nilichokinunua sokoni ili nijisikie mkubwa.

Asubuhi nilipigilia msumari kwenye nguzo ya katikati ya vichanja, nikatundika filimbi hapo. Nikawaambia kwamba atakayeona wingu au jua kwanza apulize, awe nani, nami nitakimbia kama wengine. Nikauliza kama kuna tatizo. Wakajibu hakuna. Safari hii jibu hilo lilinitia hofu, na hofu yangu ilikuwa na haki, kwa sababu siku zilipita na filimbi haikuguswa. Mawingu yakija, macho yote yalinigeukia mimi. Maman peke yake alikuwa na ujasiri wa kuipuliza, lakini alikataa. “Nikipuliza miye,” aliniambia pembeni, “bataacha kungoja wewe, batangoja miye. Acha bazoee, mwana wangu.”

Aliyepuliza kwanza ni mwanamke mpya, mpole kiasi kwamba nilikuwa bado sijaisikia sauti yake vizuri. Wingu jeusi lilikuwa linapanda upande wa Mibirizi. Alipuliza kidogo, kisha kwa nguvu. Tukakimbia wote, tukafunika kila kitu, tukasimama tukihema. Mvua haikuja. Wingu liligeuka, likaenda zake, na jua likaanza kutuchoma.

Kazi yote bure, na kila mtu alikuwa ananitazama. Yeye mwenyewe alishika filimbi kwa mikono miwili kama kitu cha kuazima. Hasira zangu nilizisikia zikipanda, nazijua njia zake. Nikazimeza. Nikamwambia, “Asante. Sasa tupulizie tena, mara mbili.” Akapuliza, tukafunua. Tulipofika kichanja cha mwisho, mtu mmoja alikuwa ameanza kuimba, na nilipopita karibu wimbo haukukatika.

Nikiulizwa mwaka wa kwanza ulinifundisha nini, naikumbuka siku hiyo ya mvua isiyokuja. Mengine mengi bado sijayajua. Hasira bado ninazo, na bado huuliza kama kuna tatizo kabla sijakumbuka kwamba kwetu swali hilo lina jibu moja tu.

Karibu na mwisho wa msimu mwenye kituo alikuja kuangalia. Tulikuwa tumeketi ofisini, ananieleza jambo, filimbi ikalia. Alitazama shingo yangu, haina kitu. “Nani amempa ruhusa?” akauliza. Kabla sijajibu, sauti ya kuvuka bonde ilitufikia: “Shefu! Kamata upande ule, upepo unabeba!”

Nikamwacha mwenye kituo na swali lake, nikakimbia. Nilishika ncha niliyoonyeshwa, mvua ikatupata migongoni, lakini kahawa ilikuwa salama chini ya shitingi. Sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna nimesimama pale, nimelowa, nikifanya nilichoambiwa. Mwenye kituo alikuwa amesimama mlangoni akiangalia.

Mvua ilipokatika, filimbi ililia mara mbili. Sikuona ni nani aliyeipuliza. Mwenye kituo alikuja akavuka matope mpaka kwa Maman, akamuuliza kama msimu ujao atakuwepo.

“Muulize Shefu,” Maman akasema, bila kuacha kukunja shitingi. “Mwana wangu njo mukubwa wa hapa.”

Hilo la mwana wangu alilisema mbele za watu wote, na halikunichoma.