Nilivyofua alama za chaki za mke wangu

Nakiri kosa langu bila kumlaumu pasta. Kwenye semina ya wanandoa alitufundisha lugha tano za upendo: maneno mazuri, muda wa pamoja, zawadi, kusaidia kazi na kugusana. Alisema kila mtu amuulize mwenzake. Miye nikakisia. Mke wangu anashona nguo hapa Bunia, na wiki nzima alilalamika kwamba hana wa kumusaidia. Nikasema, lugha yake ndiyo hiyo!

Siku yake ya kuzaliwa, alipoenda sokoni, nikafua vitenge vyote vilivyokuwa kwenye meza yake ya kushonea, nikapiga pasi huku naimba.

Akarudi na mama watatu wa korali, wanaulizia sare zao anazowashonea.

"Zawadi yako," nikamwambia, furaha tele.

Akageuza kitenge kimoja. "Baba Neema, alama za chaki ziko wapi? Nimechora siku mbili, leo nilitaka kukata."

"Bwana yako anapenda usafi," mama mmoja akacheka.

"Ulitaka kusaidiwa," nikajitetea.

"Kupika. Na leo, nikishakata, nilitaka tutoke siye wawili. Sasa nitashinda hapa nachora upya."

Mama wa korali wote wakaangalia pasi mkononi mwangu.