Kijani Ubavu wa Kushoto

Baba alivunjika mkono na mashua yake ikapasuka, lakini kilichonikaa rohoni ni neno moja. Nahodha wa chombo cha mizigo kilichomgonga alilisema barazani, pale Wesha, watu wakinywa kahawa.

"Mzee kalala. Taa zangu zinawaka, yeye kalala."

Tangu siku hiyo hakuna mvuvi aliyekubali kwenda baharini na baba.

Yeye alimwambia kila aliyekuja kumpa pole: "Nimeona nyeupe juu, kijani chini. Kijani ni ubavu wa kulia wa chombo, basi huyo anakwenda kulia kwangu. Nikageuza kushoto nimpitie nyuma. Akanijia yeye huko huko kushoto." Wageni waliitikia kwa upole, kisha nikawasikia wakicheka uani. Eti mzee hajui tena kijani na nyekundu.

Mimi nilijua kwamba anajua. Ndiye aliyenifunza taa hizo nikiwa mdogo, akichora kwa mkaa ukutani jikoni, mama akilalamika.

Jioni moja nilikuwa gatini nikingoja mzigo kutoka Unguja. Chombo kile kimefungwa, ubavu wake wa kushoto umeegemea gati. Taa zake zilikuwa mpya, za vioo vyeupe pande zote mbili. Mchana huwezi kuzitofautisha. Baharia mmoja akaziwasha. Ubavu ule wa kushoto, uliopaswa kuwa mwekundu, ukatoa kijani mbele ya macho yangu, kijani kizuri kama mpunga mchanga. Fundi alizifunga kinyume, na wanaoishi ndani ya chombo hawazioni taa zao.

Sikupiga kelele. Ningesema, wangezibadilisha usiku ule ule, na baba angebaki mzee aliyelala maisha yake yote. Nilirudi nyumbani nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Kesho yake nilimwendea nahodha, nikamwambia naandika kitabu chenye bahari ndani yake, anifunze. Alifurahi mno, hata hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alinieleza mpaka alama za mchana: tufe jeusi likining'inia mbele, chombo kimetia nanga, koni mbili nyeusi zilizogusana ncha, kinavua. Hakukosea hata moja.

"Na usiku, nahodha? Nionyeshe kwa macho. Chombo chako si kinaingia leo baada ya Isha?"

"Kinaingia na msaidizi wangu. Twende, mwanangu. Utaandika kitabu cha kweli."

Nilimwomba sheha wetu atusindikize, nikasema haifai nitoke peke yangu na mwanamume. Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu. Tulichukua boti ndogo ya mashine. Nahodha alishika usukani, sheha akakaa mbele, mimi katikati na tochi kubwa mapajani. Giza lilikuwa tupu.

Ikatokea nyeupe moja, mbele yetu kulia kidogo, na kijani chini yake. Meli ndefu huwa na nyeupe mbili, ya mbele chini, ya nyuma juu, nazo hukuonyesha inakoelekea. Chombo cha nahodha kilikuwa na moja tu. Rangi ndiyo iliyobaki kusema.

"Soma," akaniambia.

"Nisomee wewe, nahodha."

"Kijani, ubavu wa kulia. Kinakwenda kulia kwetu. Tunageuza kushoto, tunampitia nyuma. Mtoto wa skuli anajua."

Akageuza kushoto. Nilisikia sauti ya mashine yao ikikua. Sheha akasema, "Yakhe, mbona kinakuja?"

"Hakiji, sheha. Kinakwenda kulia."

Nilingoja. Nilitaka aone kile alichokiona baba: omo la chombo likiinuka gizani upande ambao halipaswi kuwepo. Alipoliona niliwasha tochi, nikaimulika kwenye dirisha la msaidizi wake. Nahodha akavuta usukani kwa mikono miwili. Chombo kikatupita, wimbi lake likatulowesha mpaka kifuani.

Kutoka juu sauti ya msaidizi ikatuangukia: "Mmelala nyie!"

Sikuwahi kusikia neno tamu kama lile.

Nahodha alizima mashine. "Nimeangalia," akasema. "Sheha, wallahi nimeangalia, macho yangu hayajafumba."

"Baba pia," nikamwambia.

 Akaniomba kwa sauti ndogo tulimalize humu humu botini, atabadilisha taa kesho.

"Taa badilisha leo. Neno ulilisema barazani, utalifuta barazani."

Sheha akasema, "Na mimi nitakuwepo."

Alilifuta Ijumaa, barazani pale pale: mzee hakulala, taa zake ndizo zilikuwa kinyume. Nilimkalisha baba mbele yake, karibu, asikose kuona uso ule ukisema. Alipomaliza, baba akamwambia, "Rudia, nahodha. Hawa wa nyuma hawajasikia."

Akarudia.