Kikombe Kimoja cha Justa

Pale Igoma, ukitaka kujua simu yako ina thamani gani, usimuulize aliyekuuzia. Nenda kwenye baraza la duka la sufuria la Mama Minaz, umtafute mwanamke mwenye meza ndogo, miwani puani na tochi shingoni. Huyo ndiye Justa. Ukimpa simu mkononi, jiandae kusikia habari ambazo hutazipenda.

Justa alianzia Kigongo, kwenye foleni ya kivuko, akiuza vocha. Foleni ile ndiyo iliyomfundisha kazi. Aliona wanachuo wa mjini wakitaka kamera, haidhuru chaji ife saa sita mchana. Aliona wachuuzi wa dagaa, watu wa Kome na Ukerewe, wakiuliza neno moja tu: "Inakaa na chaji?" Huko kwao umeme una maringo. Simu yenye ufa kwenye kioo lakini betri nzima wanaigombania, na nzuri ya kupendeza inayozima kabla ya jua kuzama wanakurudishia na matusi juu yake. Basi Justa akajua kwamba bei haimo ndani ya simu peke yake. Nusu yake imo kwa mtu atakayeinunua.

Alipohamia Igoma alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Kwanza kioo: anawasha picha nyeupe tupu, anatafuta madoa na mistari. Kisha vitufe, spika, kamera ya mbele na ya nyuma, tundu la chaji analimulika kwa tochi kama daktari wa masikio. Anaweka laini yake, anapiga. Anahakikisha akaunti ya mwenyewe imetolewa, maana simu iliyofungwa na akaunti ya mtu ni tofali la bei ghali. Mwisho ni betri. iPhone hujitaja zenyewe kwenye mipangilio, asilimia ngapi ya afya imebaki. Nyingi nyingine zinaficha aibu zao. Hizo Justa huzipima kwa chai.

Usicheke. Anaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, anawasha video ya kwaya, anaandika asilimia ya chaji kwenye kiganja chake kwa kalamu. Halafu anaagiza chai kwa Bernadeta, mama lishe wa upande wa pili, ambaye chai yake hutoka jikoni ikiwa moto wa kuunguza roho. Kikombe kile, ukinywa usinywe, ni dakika ishirini. Kikiisha, anatazama tena. Simu nzima imeshuka nne, tano. Ikishuka kumi, imechoka. Ikishuka zaidi ya hapo, mwenye nayo anaambiwa pole.

Na bei ya Justa ikishatoka, haipandi. Ukienda ukarudi utaikuta palepale, au imeshuka kidogo kwa sababu umemchosha. "Mimi sijawahi kukosea," alikuwa akisema, na kusema kweli alikuwa akilisema mno.

Sasa, siku moja ya Jumanne mchana, Mama Minaz mwenyewe akatoka dukani na kitu kilichofungwa kwenye leso nyeupe.

Mama Minaz, jina lake hasa Bi Parin, ana miaka sabini na mbili na ndiye mwenye baraza. Justa anakaa pale kwa hisani yake. Hakuna mkataba, ni "kaa, binti yangu" ya miaka sita iliyopita. Ndani ya leso mlikuwa na Samsung ya laini mbili, ya marehemu mumewe, Mzee Sadrudin. Miezi minane tangu azikwe, simu ilikuwa droo moja na risiti zake.

"Minaz amenifundisha kwa simu, akaunti nimeitoa," alisema. Minaz ni binti yake, yuko Toronto. Mama mwenyewe hutumia kisimu cha vitufe, anamsikia mwanawe kwa sauti tu, uso hauoni. "Nipimie kama unavyowapimia wengine. Usinionee haya."

Justa akapima. Kioo safi, hakuna hata mkwaruzo, mzee alikuwa ameitunza kama yai. Vitufe sawa, spika sawa. Akaandika tisini na tatu kiganjani, akawasha kwaya, akageuka kumwita Bernadeta.

"Chai ya nje ya nini, na mimi nipo?" akasema Mama Minaz. Akatoka na chupa yake, maziwa, tangawizi, iliki, harufu inafika barabarani. Wakakaa. Wakaongea habari za Minaz, za bei ya alumini, za goti la Mama Minaz, za jinsi Mzee Sadrudin alivyowahi kumuuzia mtu sufuria isiyo na mfuniko na mtu yule akarudi kushukuru. Justa alicheka mpaka miwani ikamtoka. Alipomaliza kikombe chake, akachukua simu.

Sabini na sita.

Kikombe kimoja, asilimia kumi na saba! Moyo ulimwuma, lakini kazi ni kazi.

"Mama, nikwambie ukweli. Kwa nje ni mpya, kwa ndani betri imekwisha. Watu wa visiwani hawataigusa. Wanachuo wataitaka, lakini kamera yake si ya kuwatia wazimu. Nitoe hela ya betri nyingine na ya fundi, ikae mezani mwezi mzima. Laki moja na nusu."

Mama Minaz hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Sadrudin hakulaza simu kwenye chaji hata siku moja. Alikuwa anaichomoa ikifika themanini, mimi namcheka. Leo wewe unasema aliiharibu." Akaikunja leso yake. "Mwisho wa mwezi utafute baraza lingine, Justa."

Haya. Usiku huo usingizi wa Justa tusiuzungumze. Baraza lile ndilo lililomlisha. Wateja wa visiwani wanalijua, wanashuka kwenye gari wanakuja moja kwa moja bila kuuliza. Akihama hata hatua mia moja, atakuwa mtu mwingine mwenye meza. Na kibaya zaidi, aliamini ana haki, na mwenye haki anayefukuzwa huumia mara mbili.

Asubuhi alimkuta Josephat, muuza simu wa ng'ambo ya barabara, yuko barazani na futi ya kupimia. Josephat ana kabati la kioo lenye taa za buluu na maneno mengi. Alikuwa anapima kama kabati lake litaenea.

"Nimemwahidi mama laki mbili," akasema bila aibu. "Simu hata sijaishika. Mimi nanunua baraza, dada yangu!"

Justa akavuka kwenda kwa Bernadeta, maana pale angekaa angempiga mtu na kigoda.

"Jana umenikimbia," Bernadeta akamnunia. "Umekunywa ya kihindi."

"Kikombe kimoja tu, Bernadeta, usianze."

"Kimoja?" Bernadeta akaacha kukoroga. "Kwa Mama Minaz ukanywa kimoja? We Justa, yule mama hangoji kikombe kiishe! Kikifika nusu, anajaza. Mimi nilienda msibani pale, nikafunika kwa mkono, akanimiminia kwenye vidole! Jana mlikaa kuanzia saa saba mpaka watoto wa shule wanapita na mabegi. Nilikuwa nakuangalia."

Justa akasimama kama aliyemwagiwa maji. Akahesabu. Saa saba. Watoto wa shule. Ni zaidi ya dakika sitini! Kwaya imeimba saa nzima, mwanga umewaka mpaka mwisho, na betri imeshuka kumi na saba. Si uchovu huo. Hiyo ni betri ya kijana wa jeshi.

Kikombe kilikuwa kimoja kweli. Kilichelewa kuisha tu.

Aliona aibu, jamani. Aibu yenye joto, ya kupanda masikioni. Miaka yote hii ya "sijawahi kukosea", na sasa inabidi avuke barabara, mbele ya Josephat na futi yake, apandishe bei kwa mdomo wake mwenyewe. Angeweza kunyamaza. Lakini aliwaza yule mzee akichomoa chaji ikifika themanini huku mkewe akimcheka, akaona hapana. Marehemu hawezi kujitetea. Akavuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kutoa meza?"

"Nimekuja kuomba simu nipime tena. Kwa saa ya ukutani. Na usinipe chai."

Josephat akacheka. Mama Minaz akaingia ndani, akaileta leso.

Dakika ishirini zile zilikuwa ngumu kuliko msiba. Kwaya inaimba, watu watatu wameitumbulia macho saa. Mara mbili mkono wa Mama Minaz ulikwenda kwenye chupa, mara mbili Justa akatikisa kichwa. Muda ulipofika, akasoma kwa sauti.

"Ilikuwa sabini na nne. Ni sabini." Akavua miwani. "Mama, jana nimekosea mimi. Ulikuwa unaniongezea, na mimi nikahesabu kikombe badala ya kuhesabu saa. Betri ni nzima. Mzee aliitunza vizuri kuliko simu zote zilizopita mezani kwangu. Kioo safi, laini mbili, chaji inakaa, watu wa Ukerewe wataigombania hata kesho haifiki. Natoa laki mbili na ishirini, na hapo napata changu."

Josephat akakunja futi yake polepole.

Mama Minaz akaichukua simu. Alifuta kioo cha simu kwa ncha ya leso, ingawa kilikuwa safi.

"Sadrudin alikuwa anakunywa hivyo hivyo," akasema. "Mimi najaza, yeye anaongea. Tangu aondoke, watu wanakuja, wanakunywa nusu, wanasema wana haraka. Jana wewe ulikaa. Nilifurahi nikasahau tunapima simu."

Justa akavaa tena miwani yake.

"Kwa hiyo ni nzima," akasema Mama Minaz.

"Nzima kabisa."

"Na visiwani wanaigombania."

"Wanaigombania, Mama."

"Basi siuzi." Akaitia simu mfukoni mwa gauni lake, kama mfanyabiashara aliyekaa dukani miaka hamsini. "Kitu kizuri hivyo nikupe wewe kwa nini? Utanifundisha namna ya kumwona Minaz usoni. Kila siku saa saba. Meza iache hapo ilipo."

Josephat akaenda zake ng'ambo. Justa akabaki hana simu, hana faida, ana baraza, na akajikuta anacheka peke yake kama mwehu.

Siku hizi ukipita Igoma mchana utamkuta anapima simu za watu kwa saa, nyeusi, kubwa, ya mkononi, kaivaa makusudi kila mtu aione. Ila saa saba huivua, akaiweka kwenye droo ya meza. Kikombe kinakuja, kinafika nusu, kinajazwa. Minaz anacheka kwenye kioo huko Toronto, ndo kwanza kunakucha, na mama yake anamwelekezea chupa ya chai, kana kwamba akiinamisha kidogo tu itamfikia.