Tone la Kushoto

"Rudia! Rudia ulichosema, mbwa wewe! Kahawa yangu haina nini?"

Clavery hakuweza kurudia kitu. Kola yake ilikuwa imekamatwa na Ta Karugendo, mzee aliyewauzia kahawa, na damu ya pua ilikuwa inamwingia mdomoni. Clavery ndiye aliyekuwa anatengeneza kahawa hapo dukani kwa Alpesh, mjini Bukoba, na leo asubuhi alikuwa amefungua mdomo kusema maneno matano tu: labda kahawa haikuwa na shida.

"Ina shida!" Karugendo akamgongesha ukutani, vikombe vikaruka rafuni. "Chungu na chachu kwa mpigo! Bosi wako mwenyewe kanitumia sauti kwenye simu! Leo hii wewe unaniambia labda?"

"Ta Karugendo, waitu, tafadhali, mwachie," Alpesh alikuwa anasema kutoka nyuma ya kaunta, na hakutoka nyuma ya kaunta.

Mushumbusi aliwakuta hivyo. Alikuwa na begi la spana begani na mafuta kwenye kucha, ameitwa aje kuikagua mashine kabla mwenye duka hajanunua gunia jingine. Hakuuliza. Aliliweka begi chini, akapita katikati ya viti, akampiga Karugendo ngumi moja ya mbavuni. Moja tu. Yule mzee, jitu la Kamachumu, mikono ya kubeba mikungu miwili miwili, akakaa chini kama mtu aliyekumbuka kitu.

Ndivyo alivyokuwa Mushumbusi. Mtaa mzima wa Kashai wanamjua. Anatengeneza friji, pampu, jenereta, na hizi mashine za kahawa ambazo zipo chache mji mzima. Anafanya kazi safi. Ila mkono wake hutangulia, kichwa kinafuata baadaye. Alishavunja mlango wa shemeji yake. Alishamtoa jino kondakta. Na wiki tatu zilizopita, Jumamosi, pikipiki ya Clavery ilipogonga begi lake la vifaa na kulimwaga mtaroni, alimshika Clavery kidole gumba cha mkono wa kulia akakipinda nyuma mpaka kikalia. Walikuwa hawajasemeshana tangu hapo. Hata sasa Clavery alimwangalia kwa jicho moja, akajifuta pua, akasogea mbali.

"Umenipiga kwa nini?" Karugendo akauliza kutoka sakafuni, pumzi fupi fupi. "Wewe ni nani?"

"Fundi."

"Fundi wa kupiga watu?"

"Na wewe mkulima wa kupiga watu. Amka, shika kiti. Kuna nini?"

Akaeleza Alpesh. Wateja walianza kulalamika, kikombe kinakuja kichachu mbele, kichungu nyuma. Akamtumia Ta Karugendo sauti kwamba gunia lake lina walakini, labda mbichi zimechanganywa na mbivu. Basi. Hakusema zaidi ya hapo, aliapa kwa babu yake aliyelifungua duka lile.

"Na mimi nikamuuliza Alexander," alisema Karugendo. Alexander ni mdogo wake, tumbo moja. Ndiye anayechuma kwenye kibanja, shamba lao la kahawa, ndiye anayeanika. "Akasema hakuchanganya. Nikamuuliza tena. Akasema hakuchanganya. Nikachukua mchi."

Akavuta kiti, akakaa.

"Mkono umevunjika sehemu mbili. Na mbavu. Yuko hospitali Muleba, anaongea kwa shida, na bado anasema hakuchanganya. Jumapili ukoo unakaa kulijadili." Akamgeukia Alpesh, na sauti yake sasa haikuwa ya kugomba tena, ilikuwa ya kuomba, jambo ambalo lilimtisha Mushumbusi kuliko makelele. "Niandikie. Weka muhuri wa duka. Andika kwamba kahawa ilichanganywa. Hiyo tu."

Hapo Mushumbusi akaelewa. Huyu mtu hakuja kuitetea kahawa yake. Amekuja kuomba ihukumiwe. Kama kahawa ni mbaya, basi amemfundisha mdogo wake adabu. Kama kahawa ni nzuri, basi amemvunja ndugu yake bure.

"Usiandike," akamwambia Alpesh. "Ngoja kwanza."

Akafungua begi akatoa kishikio. Kile chuma chenye mpini kinachobeba kahawa iliyosagwa na kufungwa kwenye kichwa cha mashine. Cha kawaida kina kitako chenye midomo miwili ya kumiminia. Hiki kitako hakikuwepo. Mushumbusi alikikata mwenyewe kwa grainda, cheche zikimchoma kifuani, hivyo ukikifunga unakiona kichujio cha chini wazi, matundu yake yote.

"Mbona kiko uchi?" akauliza Karugendo.

"Ili kisinidanganye. Chenye kitako kinakusanya kila kitu, kinakutolea mstari mzuri hata kama ndani ni vita. Clavery! Tengeneza, kama unavyotengenezaga kila siku."

"Sikutengenezei kitu wewe."

"Tengenezea huyu mzee aliyekutoa damu, basi."

Clavery akasaga, akajaza, akashindilia. Mushumbusi hakumwangalia mikono. Alikuwa ameshapiga goti mbele ya mashine, shingo imepinda, tochi ya simu inamulika juu. Pampu ikalia. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Tone la kwanza likatoka kushoto. Kushoto kabisa, pembeni. Halafu la pili hapo hapo, la tatu hapo hapo, yakaungana yakawa kamba, na kulia kote chuma kikavu kama sufuria kabatini. Kamba ikaanza kupauka mapema, rangi ya chai ya maziwa, wakati kulia ndiyo kwanza panatoa jasho jeusi. Ghafla mrija mwembamba ukafyatuka kama mate ya nyoka ukamchapa Alpesh kwenye shati jeupe.

"Ai!"

"Umeona?" Mushumbusi akasema. "Maji yanatafuta penye ulegevu. Yamepita kushoto yote. Kushoto yamekamua mpaka uchungu, kulia hayajakamua vya kutosha, pamebaki uchachu. Ukichanganya kikombe kimoja unapata vyote viwili. Kahawa ikiwa mbaya yenyewe haichagui upande, Ta. Inakuwa mbaya mduara mzima."

"Basi ni mashine," Karugendo akasema haraka. "Mashine mbovu. Hata hivyo siyo..."

"Tulia. Clavery, tengeneza nyingine, usifunge. Nipe."

Akakichomoa kile kichujio taratibu na kahawa yake ndani, akakizungusha nusu duara, akakirudisha kwenye kishikio bila kuitikisa. Akafunga. Akapiga goti. Mara hii hata Karugendo aliinama, bega kwa bega na mtu aliyempiga mbavuni.

Tone la kwanza likatoka kulia.

"Ingekuwa mashine inamwaga maji vibaya, lingebaki kushoto," Mushumbusi akasema. "Limehama na kahawa. Kwa hiyo ni jinsi ilivyoshindiliwa. Ni mko..."

Akaishusha tochi.

Mkono. Alikuwa bado amepiga goti. Akageuka. Clavery alikuwa amesimama, kishindilio mkononi, kile chuma cha kukandamizia kahawa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mushumbusi akamtazama mikono. Vidole vinne vimekamata. Gumba limesimama pembeni, limevimba kwenye kiungo, haligusi chuma. Mtu akikandamiza kwa vidole vinne, upande wa gumba unabaki juu, mlegevu. Upande wa gumba, kwa mkono wa kulia, ni kushoto.

"Malalamiko yalianza lini?" akamuuliza Alpesh, ingawa alishajua.

"Kama wiki tatu hivi. Ilikuwa Jumatatu."

Clavery akakiweka kishindilio kwenye kaunta. Angeweza kusema. Alikuwa amemficha bosi wake kile kidole asifukuzwe, na sasa alimwangalia Mushumbusi kwa jicho lile lile moja, anangoja.

Mushumbusi akawaza haraka. Angeweza kusema ni gunia. Neno moja, muhuri, mzee anaondoka, Jumapili inapita. Alexander anabaki mwongo na mkono uliovunjika. Nani angejua? Akalitazama tena lile gumba.

Akainuka. Akasaga mwenyewe kutoka gunia lile lile, mashine ya kusagia hakuigusa mpangilio. Akavuruga kahawa kwa waya mwembamba mpaka mabonge yakaisha, akasawazisha, akashindilia wima, kiwiko juu ya ngumi. Akafunga.

"Angalia, Ta."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Halafu vijitone, vidogo kama jasho la usoni, vikaota mduara mzima karibu kwa pamoja. Vikanenepa. Vikatambaa kwenda katikati, vikakutana, ukashuka uzi mmoja wa rangi ya asali mbichi, umenyooka, haurukiruki.

Karugendo akapewa kikombe. Akanywa. Akakaa nacho mdomoni. Uso wake ukafanya kitu ambacho Mushumbusi hakutaka kukiona.

"Hii ndiyo kahawa yetu," akasema taratibu. "Hii ndiyo anayoianika Alexander."

"Ndiyo."

"Hakuchanganya."

"Hakuchanganya. Clavery alishindilia upande. Alishindilia upande kwa sababu ana gumba bovu. Gumba hilo nililivunja mimi. Jumamosi ile, pale Kashai, kwa ajili ya begi la spana."

Kikombe kikatua mezani bila sauti. Ngumi haikutua hivyo. Ilimkuta Mushumbusi kwenye taya, akaangukia rafu, vikombe sita vikamwagika juu yake. Akainuka. Ya pili ikampasua mdomo. Watu waliokuwa wamesimama mlangoni walimjua Mushumbusi, wakarudi nyuma hatua mbili kujipa nafasi. Mikono yake aliitia mifukoni, akaishikilia humo kama mbwa wawili. Ya tatu ikampata sikioni.

"Nipige basi!" Karugendo alikuwa anapiga kelele, machozi yanamtoka. "Si unajua kupiga? Nipige!"

"Sikupigi."

"Nipige, waitu, nipige!"

"Nenda kampigie goti mdogo wako, mzee. Mimi siwezi kukusaidia hilo."

Karugendo akashusha mkono. Akauangalia kama kifaa cha mtu mwingine. Kisha akakichukua kile kikombe, kilichobaki nusu, akamwomba Alpesh chombo chenye kifuniko. Alpesh akampa kopo dogo la plastiki. Itapoa kabla ya Muleba, kila mtu alijua, na hakuna aliyemwambia.

"Jumapili utakuja," akamwambia Mushumbusi. "Utawaambia ukoo kama ulivyoniambia mimi. Ukiacha kuja nitakufuata."

"Nitakuja. Na kishikio."

Mzee akatoka. Clavery akaanza kufagia vigae vya vikombe kwa mkono wa kushoto. Mushumbusi akainama kumsaidia.

"Acha," Clavery akasema. "Utanivunja na kidole hiki."

"Alpesh, huyu mpeleke akafungwe hilo gumba. Mpaka lipone, shindilia wewe."

"Mimi? Sijawahi."

"Kiwiko juu ya ngumi. Na uangalie matone."

Simu yake ikaita. Annastella wa Kashai, sauti yake ikasikika mpaka mlangoni: friji limezima tangu alfajiri, samaki wanaanza kunuka, yeye fundi yuko wapi, au anapigana tena?

"Nakuja, Ma Annastella," Mushumbusi akasema, akatema damu kwenye kitambaa. "Nilikuwa napigwa."

Akatupia begi begani, akaruka vigae, akaondoka kwenda kwenye samaki.